Kuchaji kapasita kupitia resista: namna ya kuipima nusu ya nishati inayogeuka joto

Ukichaji kapasita tupu kwa betri kupitia resista, nusu ya nishati inayotoka kwenye betri haibaki kwenye kapasita. Inageuka joto. Hilo wanafunzi wengi wanalikubali haraka. Linalowapa taabu ni la pili: nusu hiyo haibadiliki hata ukibadilisha resista. Weka omu 100 au weka omu 100,000, joto litakalotoka mpaka kapasita ijae ni lilelile.

Hapa Tanga nimelisikia kosa hili darasani, na nimelisikia pia kwenye meza za mafundi wa redio kule Ngamiani: "Weka resista ndogo, hasara itapungua." Linaonekana kuwa na mantiki, kwa sababu resista ndiyo inayopata joto, kwa hiyo mtu anadhani ikiwa ndogo na joto litakuwa dogo. Lakini resista ndogo inapitisha mkondo mkubwa zaidi, na joto linafuata mraba wa mkondo. Joto la kila sekunde linakuwa kubwa, ila muda wa kuchaji unafupika. Mambo hayo mawili yanafidiana kabisa, mpaka jouli ya mwisho.

Njia nzuri ya kulielewa ni kulipima. Huhitaji maabara. Mita ile ya njano ya bei ndogo inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme inatosha, pamoja na simu ya kurekodi video.

Vifaa

Tafuta kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 4,700, ya volti 25. Unaweza kuinunua mpya, au kuichomoa kwenye amplifaya iliyokufa, ingawa ya zamani ina ugonjwa wake ambao nitaueleza mbele. Nunua resista nne za omu 10,000 na moja ya omu 1,000, zote za robo wati. Chanzo cha umeme kiwe betri ndogo nane za rimoti kwenye makasha mawili ya betri nne nne. Makasha hayo ukiyaunganisha moja baada ya jingine yanatoa volti 12 hivi, na katikati yake unapata volti 6, ambazo tutazihitaji mwishoni. Ongeza swichi ndogo, nyaya chache na simu mbili: moja ya saa ya kuhesabu sekunde, nyingine ya kurekodi.

Kapasita ya elektroliti ina upande wa chanya na wa hasi. Ubavuni ina mstari wenye alama ya kutoa, na mguu ulio upande wa mstari huo ni hasi. Ukiigeuza itapitisha mkondo ovyo, itapata moto, kichwa kitavimba na inaweza kupasuka na kutema maji yake. Hakikisha kabla ya kuwasha, si baada ya hapo.

Hesabu fupi kabla ya kuunganisha

Kapasita yenye ukubwa C ikijaa hadi volti V inakuwa imepokea chaji Q = C × V. Kwetu ni faradi 0.0047 mara volti 12, yaani kulombi 0.0564, au tuseme milikulombi 56.4. Chaji yote hiyo imetoka kwenye betri, na betri haikubadilisha volti zake njiani: kila kulombi iliyotoka ilitoka kwa volti 12. Kwa hiyo nishati iliyotoka ni chaji mara volti, C × V², ambayo ni milijouli 677.

Sasa tazama upande wa kapasita. Chaji ya kwanza kabisa iliingia kapasita ikiwa na volti sifuri, kwa hiyo volti zote 12 zilianguka kwenye resista. Chaji iliyoingia katikati ya safari ilikuta kapasita ina volti 6: nusu ya nishati yake ikawekwa akiba, nusu ikaishia kwenye resista. Chaji ya mwisho iliingia kapasita ikiwa karibu na 12, na karibu yote ikahifadhiwa. Volti za kapasita hupanda kwa mstari ulionyooka kadiri chaji inavyoongezeka, kwa hiyo kwa wastani kila chaji iliingia kwenye volti 6. Nishati iliyohifadhiwa ni nusu ya C × V², milijouli 338. Zilizobaki, 338 nyingine, ni joto.

Ukichora mchoro wenye chaji chini na volti kando, nishati ya betri ni mstatili mzima, na mstari wa kapasita unakata mstatili huo kona kwa kona. Chini ya mstari ni akiba, juu yake ni joto. Nakuomba uuchore mchoro huo kwenye karatasi ya miraba kabla ya kuendelea, maana ndani yake hakuna mahali palipoandikwa R. Resista haikuulizwa chochote.

Anayejua hesabu za kutafuta jumla kwa kuunganisha ataliona jambo hilo kwa njia nyingine. Mkondo unapungua kwa kanuni hii, na joto la kila sekunde linafuata:

```
I = (V/R) · e^(−t/RC)
P = I² · R = (V²/R) · e^(−2t/RC)
jumla = (V²/R) · (RC/2) = ½ · C · V²
```

Kwenye mstari wa mwisho R ya chini na R ya juu zinafutana. Ya chini imetokana na ukubwa wa joto la kila sekunde, ya juu imetokana na urefu wa muda. Resista kubwa inatoa joto dogo kwa muda mrefu, ndogo inatoa joto kubwa kwa muda mfupi.

Mita uiweke wapi

Wengi huiweka mita kwenye kapasita. Mimi nakushauri uiweke kwenye resista, na sababu ni ya kweli kabisa.

Mita nyingi za njano zina ukinzani wa ndani wa omu milioni 1 hivi. Ukiiweka kwenye kapasita, mita inakuwa njia ya pembeni ambayo mkondo mdogo unapita muda wote, na mkondo huo lazima upitie resista yako ya omu 10,000 kwanza. Matokeo yake kapasita haitafika volti 12. Itasimama kwenye 11.88 na utabaki unashangaa. Ukiiweka kwenye resista, ubaya wake ni kuifanya resista ionekane ndogo kwa asilimia 1, basi. Kosa hilo linaingia kwa kiwango kilekile kwenye nishati ya betri na kwenye joto, kwa hiyo uwiano wa nusu hauguswi.

Faida nyingine ni kwamba volti za resista zinakupa kila kitu. Zigawanye kwa omu 10,000 upate mkondo. Zipige mraba kisha ugawanye kwa omu 10,000 upate joto la kila sekunde. Zitoe kwenye volti za betri upate volti za kapasita. Mita moja inafanya kazi ya mita tatu.

Kuunganisha na kusoma

Kwanza hakikisha kapasita ni tupu. Iguse miguu yake miwili kwa resista ya omu 1,000 kwa muda wa nusu dakika, kisha pima. Kapasita iliyomwagwa haraka ina tabia ya kurudisha volti kidogo yenyewe ikiachwa, kwa hiyo subiri dakika moja upime tena, na ikibidi umwage tena.

Unganisha hivi: chanya ya betri iende kwenye swichi, kutoka swichi kwenda resista ya omu 10,000, kutoka resista kwenda mguu wa chanya wa kapasita, na mguu wa hasi urudi kwenye hasi ya betri. Waya mwekundu wa mita uguse resista upande wa swichi, mweusi upande wa kapasita. Weka mita kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu. Pima pia volti za betri peke yake na uziandike. Hizo ndizo V yako. Betri mpya zinaweza kutoa zaidi ya 12, na hakuna ubaya, mradi utumie namba yako wewe.

Weka mita na simu yenye saa pamoja, na simu ya pili irekodi zote mbili kwenye picha moja. Anzisha saa, kisha washa swichi saa ikigonga sekunde unayoipenda, uihesabu kama sifuri. Mita inaruka hadi karibu na 12 na kuanza kushuka. Usihangaike kuandika wakati huo. Utaicheza video polepole baadaye na kusoma kwa utulivu, jambo ambalo limewasaidia sana wanafunzi wangu kuliko kupigiana kelele za "soma sasa!"

Soma kila sekunde 10 katika dakika ya kwanza, kisha kila sekunde 20 hadi dakika ya nne. R mara C ni sekunde 47, na ikizidishwa kwa tano inapata dakika nne kasoro kidogo. Wakati huo resista itakuwa imebakiwa na chini ya asilimia 1 ya volti zake za mwanzo.

Jedwali hili nimelikokotoa kwa volti 12.00 na mikrofaradi 4,700 kamili, ili uwe na pa kulinganishia. Lako litapishana nalo, hasa kwa sababu kapasita za elektroliti huruhusiwa kupishana na maandishi yake kwa asilimia 20 juu au chini.

| Sekunde | Volti za resista | Mkondo (miliampea) | Joto (miliwati) |
|---|---|---|---|
| 0 | 12.00 | 1.200 | 14.40 |
| 10 | 9.70 | 0.970 | 9.41 |
| 20 | 7.84 | 0.784 | 6.15 |
| 30 | 6.34 | 0.634 | 4.02 |
| 40 | 5.12 | 0.512 | 2.62 |
| 50 | 4.14 | 0.414 | 1.71 |
| 60 | 3.35 | 0.335 | 1.12 |
| 80 | 2.19 | 0.219 | 0.48 |
| 100 | 1.43 | 0.143 | 0.20 |
| 120 | 0.93 | 0.093 | 0.09 |
| 140 | 0.61 | 0.061 | 0.04 |
| 160 | 0.40 | 0.040 | 0.02 |
| 180 | 0.26 | 0.026 | 0.01 |
| 200 | 0.17 | 0.017 | 0.00 |
| 220 | 0.11 | 0.011 | 0.00 |
| 240 | 0.07 | 0.007 | 0.00 |

Kujumlisha

Anza na chaji. Chukua mikondo miwili inayofuatana, tafuta wastani wake, zidisha kwa sekunde zilizo kati yake. Kwa sekunde 10 za kwanza: wastani wa 1.200 na 0.970 ni 1.085, mara 10 ni milikulombi 10.85. Endelea hivyo hadi chini na ujumlishe. Utapata milikulombi 56.4. Zidisha kwa volti 12: betri imetoa milijouli 677.

Fanya vilevile kwa safu ya joto. Sekunde 10 za kwanza: wastani wa 14.40 na 9.41 ni 11.9, mara 10 ni milijouli 119. Angalia hapo: zaidi ya theluthi moja ya joto lote limetoka ndani ya sekunde hizo kumi. Dakika ya kwanza peke yake inafika milijouli 317, na dakika tatu zinazofuata zinaongeza 28 tu. Jumla ni 345.

Ilitakiwa iwe 338. Milijouli 7 za ziada hazikutoka kwenye betri. Zimetoka kwenye njia yetu ya kujumlisha. Tunapochukua wastani wa masomo mawili tunachora mstari ulionyooka kati yake, na mkunjo wa joto unalala chini ya mstari huo, kwa hiyo kila kipande tunakipa zaidi ya haki yake. Mkondo unashuka polepole kuliko joto, ndiyo maana safu ya chaji haikuumia sana. Ukisoma kila sekunde 20 tangu mwanzo, joto litakuja 359, na mwanafunzi atasema kanuni ina kasoro. Dakika ya kwanza ndiyo ya kusoma kwa karibu.

Usitegemee kulihisi joto hili kwa kidole. Milijouli 338 zingepasha gramu moja ya maji kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya nyuzi.

Itoe akiba uipime nayo

Mpaka hapa tumepima nishati iliyotoka na joto, na akiba ya kapasita tumeipata kwa kutoa. Mtu makini atauliza kama kweli imo. Ipime kwa kuimwaga.

Zima swichi na uondoe betri. Chukua resista ileile ya omu 10,000, iunganishe miguu yake na miguu ya kapasita, mita ikiwa juu yake, na rekodi tena. Volti zitaanza karibu na 11.93 na kushuka kwa mwendo uleule wa jedwali. Kokotoa joto kama mwanzo. Utapata karibu milijouli 341, tena na ile ziada ndogo ya kujumlisha.

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wakati wa kuchaji resista ilipata joto fulani, na wakati wa kumwaga resista ileile inapata joto lilelile. Na hukuhitaji kuamini namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa kapasita. C haikuingia popote kwenye vipimo vyako.

Sasa badilisha resista

Unganisha resista mbili za omu 10,000 moja baada ya nyingine, upate omu 20,000, na mita ishike zote mbili kwa pamoja. Mwaga kapasita, chaji upya, safari hii kwa dakika nane.

Utaona volti zilezile za jedwali, ila kila moja imechelewa mara mbili: 9.70 iliyokuwa kwenye sekunde ya 10 sasa iko kwenye ya 20, na 7.84 iko kwenye ya 40. Volti ni zilezile lakini omu ni maradufu, kwa hiyo kila mkondo ni nusu na kila joto ni nusu. Nusu ya joto kwa muda maradufu. Jumla haijasogea.

Rudia kwa resista mbili zilizowekwa sambamba, omu 5,000. Mambo yanaenda kasi maradufu, mwanzoni joto ni miliwati 28.8 badala ya 14.4, na jumla ni ileile. Hapa ndipo wanafunzi huuliza: "Mwalimu, na tukiitoa resista kabisa?" Jibu nitalitoa kwenye suala la inveta, maana huko mtu analiona kwa macho.

Namba zikikataa

Kosa linalosumbua zaidi ni kuvuja. Kapasita ya zamani, hasa iliyokaa miaka bila kuchajiwa, inapitisha mkondo mdogo hata ikiwa imejaa. Utaijua hivi: subiri dakika kumi badala ya nne. Volti za resista zikigoma kushuka, kwa mfano zikiganda kwenye 0.20, ujue kuna mikroampea 20 zinazopita bila kuhifadhiwa. Mkondo huo unaonekana mdogo, lakini ukipita kwa dakika nne kwa volti 12 unabeba milijouli 58 hivi, na hasara yako haitakuwa nusu tena. Kibaya zaidi, jumla inazidi kukua kadiri unavyosubiri. Dawa ni kuiacha kapasita kwenye betri kupitia resista kwa saa kadhaa. Utando wa ndani unajijenga upya na uvujaji hupungua sana. Usipopungua, tafuta kapasita nyingine.

Ukikuta mkondo wa kwanza uko chini ya ulivyotarajia, kapasita haikuwa tupu. Kapasita iliyoanza na volti 1 haitakupa nusu, kwa sababu hasara inategemea pengo la volti lililokuwepo ulipowasha. Na hili la pengo ndilo ufunguo wa mambo mawili yaliyobaki.

Inveta na cheche

Fundi wa sola anayefunga inveta anaijua cheche inayopasuka pale waya wa mwisho unapogusa betri. Ndani ya inveta, mlangoni mwa umeme wa betri, kuna kapasita kubwa tupu. Tuchukue mfano wa inveta ya volti 24 yenye mikrofaradi 10,000 mlangoni. Ikijaa inahifadhi jouli 2.88, na kwa kanuni ileile jouli 2.88 nyingine lazima zigeuke joto mahali fulani.

Hukuweka resista, kwa hiyo zinagawanywa na ukinzani wowote uliopo: nyaya, ndani ya betri, ndani ya kapasita zenyewe, na ile ncha ndogo ya shaba inayogusa kwanza. Tuseme jumla ya ukinzani huo ni omu 0.05. Kwa hesabu ya ukinzani peke yake mkondo wa kwanza ungekuwa ampea 480 na joto zaidi ya wati 11,000, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kweli urefu wa nyaya hukipunguza kilele hicho, lakini jouli ni zilezile. Sehemu ya kugusia inachimbika na kuwa nyeusi, na kila ukirudia inazidi kuharibika.

Kwa hiyo resista ya kuchajia kwanza haiwekwi ili kuokoa nishati. Inawekwa ili joto litokee kwenye kitu kilichotengenezwa kulistahimili. Inveta ikiwa imezimwa kwa swichi yake, pitisha waya wa chanya kupitia resista ya omu 47 ya wati 5, ile nyeupe ya seramiki yenye umbo la tofali. Mkondo wa kwanza ni nusu ampea, joto la kwanza ni wati 12 hivi lakini linashuka haraka, na ndani ya sekunde mbili na nusu kazi imekwisha. Ile seramiki inazimeza jouli 2.88 bila shida. Pima volti za inveta. Zikikaribia za betri, unganisha waya wenyewe na uondoe resista.

Kuchagua omu 1,000 kwa kuogopa joto hakukusaidii. Joto ni jouli 2.88 vilevile, ila utasubiri karibu dakika nzima, na kama inveta inakula mkondo kidogo hata ikiwa imezimwa, volti zitasimama njiani na cheche itakuwepo tu. Resista ya robo wati ya omu 47 nayo usiijaribu: jumla ya jouli inaweza isiiue mara moja, lakini wati 12 za mwanzo ni nyingi mno kwa mwili mdogo kama ule.

Kama unataka kweli kupunguza hasara

Resista haina uwezo huo. Kinachoweza kupunguza hasara ni kupunguza pengo la volti. Rudi kwenye makasha yako mawili ya betri.

Mwaga kapasita. Unganisha waya wa chanya kwenye kituo cha katikati, volti 6, kupitia omu 10,000, na subiri dakika nne. Kisha hamisha waya huohuo hadi kwenye volti 12 na subiri dakika nne nyingine. Utaona mita inaruka hadi 6 mara mbili, na haifiki 12 hata mara moja.

Katika hatua ya kwanza milikulombi 28.2 zimetoka kwa volti 6: milijouli 169, nusu yake, 85, ikawa joto. Katika hatua ya pili milikulombi 28.2 nyingine zimetoka kwa volti 12: milijouli 338, lakini kapasita ilikuwa tayari na volti 6, kwa hiyo joto ni 85 tu. Jumla betri zimetoa 508, joto ni 169, na kapasita ina 338 zake kamili kama mwanzo. Joto limepungua nusu, na hasara imekuwa theluthi moja ya kilichotoka badala ya nusu.

Hatua tatu zilizo sawa zinaifanya hasara kuwa robo, hatua nne moja ya tano, mradi kila hatua ipewe muda wake wa kutulia. Fundi mwenye betri mbili za sola za volti 12 zilizoungwa kupata 24 anacho kituo cha katikati tayari: akipitisha ile resista ya omu 47 kwanza kwenye volti 12, kisha kwenye 24, resista itapokea jouli 0.72 mara mbili badala ya 2.88 kwa mkupuo.